Kampeni za usakinishaji wa programu za simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama, kubaki na ununuzi

Majibu yaliyo hapa yanafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vipimo hivi huelezwa vizuri zaidi vikiwa na shilingi na watu ndani yake. Chukulia programu ya Android inayomsaidia mwanafunzi wa Tanzania kujipima kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Programu inapatikana Google Play bila malipo, na ndani yake kuna vifurushi vya maswali na majibu yaliyofafanuliwa, kila somo Sh 10,000. Wenye programu wameendesha kampeni mbili za matangazo kwa wakati mmoja, kila moja kwa Sh 3,000,000. Takwimu za kampeni hizo nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini umbo lake ni lile ninalokutana nalo kazini mara kwa mara.

Gharama kwa kila usakinishaji hukokotolewaje?

Unachukua fedha zote zilizotumika kwenye kampeni na kuzigawa kwa idadi ya watu walioisakinisha programu kutokana na kampeni hiyo. Kampeni ya kwanza, ambayo tutaiita Kampeni A, ilileta watu 10,000, kwa hiyo kila mmoja aligharimu Sh 300. Kampeni B ilileta watu 2,500, kwa hiyo kila mmoja aligharimu Sh 1,200. Kwenye dashibodi nyingi utaikuta namba hii chini ya jina CPI.

Kugawa ni rahisi. Ugumu uko kwenye namba inayogawanya. Google Play huhesabu mtu aliyepakua programu na simu yake ikamaliza kuisakinisha. Firebase, huduma ya Google inayorekodi matukio ndani ya programu, huhesabu tukio linaloitwa `first_open`, yaani pale mtu anapoifungua programu kwa mara ya kwanza, na mtu aliyesakinisha akiwa kwenye waifai ya ofisini kisha akasahau kuifungua hayumo katika hesabu hiyo. Google Ads nayo huweka usakinishaji kwenye tarehe ambayo tangazo lilibofywa, hata kama programu ilifunguliwa siku tatu baadaye. Kwa sababu hiyo si ajabu kuona namba tatu tofauti za siku moja, na hakuna hata moja kati yake iliyokosewa. Chagua moja, uiandike juu ya ripoti yako, na usiibadilishe katikati ya kampeni. Mimi hutumia `first_open`, kwa kuwa vipimo viwili vinavyofuata huanza kuhesabu kutoka hapo hapo, na mtu asiyefungua programu hana jinsi ya kubaki wala kununua.

Kwa nini Kampeni B igharimu mara nne ya Kampeni A kwa mtu mmoja?

Kwa sababu mfumo wa matangazo uliagizwa vitu viwili tofauti. Katika kampeni za programu za Google Ads, mtangazaji anaweza kuuagiza mfumo utafute watu wengi iwezekanavyo watakaosakinisha kwa bei fulani, au autake utafute watu wanaoelekea kufanya tendo fulani ndani ya programu, kwa mfano kununua. Kampeni A ilikuwa ya aina ya kwanza na Kampeni B ya aina ya pili. Mfumo ulioagizwa usakinishaji wa bei ndogo huwaendea watu wanaosakinisha programu kwa wepesi, na wengi wao huzifuta kwa wepesi huo huo. Mfumo ulioagizwa wanunuzi hushindana kwenye mnada wa nafasi za matangazo na watangazaji wengine wanaowataka watu hao hao, na bei hupanda.

Kuna tahadhari moja hapa. Kampeni ya aina ya pili hujifunza kutokana na matukio ya ununuzi inayoyaona, na programu inayouza vifurushi viwili kwa siku haiupi mfumo chochote cha kujifunza. Katika hali hiyo ni afadhali kuchagua tendo la karibu zaidi linaloendana na ununuzi. Kwa programu yetu, tendo hilo lingeweza kuwa mwanafunzi kumaliza jaribio lake la kwanza la maswali 20, mradi umekwisha kuthibitisha kwa data yako kwamba wanaomaliza jaribio hilo ndio wanaonunua baadaye. Wapo wanaochagua tendo la kufungua akaunti kwa sababu tu linatokea mara nyingi, kisha wanapata maelfu ya akaunti na mauzo yale yale ya zamani.

Kiwango cha kubaki ni nini hasa, na siku ya 1 ni ipi?

Ni sehemu ya watu walioifungua programu kwa mara ya kwanza siku fulani, ambao wameonekana tena siku fulani ya baadaye. Siku ya kuifungua kwa mara ya kwanza huitwa siku ya 0. Siku ya 1 ni kesho yake, siku ya 7 ni siku ile ile ya wiki ifuatayo, na siku ya 30 inajieleza. Watu walioingia siku moja, au wiki moja, huhesabiwa kama kundi moja, na kundi hilo halichanganywi na jingine.

Katika mfano wetu, Kampeni A ilikuwa na watu 1,400 waliorudi siku ya 1, sawa na asilimia 14, kisha 400 siku ya 7, sawa na asilimia 4, na 100 siku ya 30, sawa na asilimia 1. Kampeni B ilikuwa na 800 siku ya 1, sawa na asilimia 32, kisha 400 siku ya 7, sawa na asilimia 16, na 200 siku ya 30, sawa na asilimia 8. Zitazame namba za siku ya 7 kwa makini: kampeni zote mbili zimebakiwa na watu 400, kwa fedha zile zile, ingawa moja ilianza na watu mara nne ya nyingine. Wale watu 7,500 wa ziada wa Kampeni A walikuwa wameyeyuka ndani ya wiki moja.

Jambo la kuangalia ni kwamba kuna njia mbili za kuhesabu. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo niliyoitumia, humhesabu mtu aliyeonekana siku ya 7 yenyewe. Njia ya pili humhesabu mtu aliyeonekana siku ya 7 au siku yoyote baada yake, na daima hutoa namba kubwa zaidi. Wakala wa matangazo akikuletea kiwango kinachong'aa kuliko unachokiona kwako, muulize kwanza ametumia njia ipi kabla hujaanza kumsifu au kumshuku.

Ninawezaje kukokotoa mwenyewe kiwango cha siku ya 7?

Ikiwa data ya Firebase inapelekwa BigQuery, ghala la data la Google, hesabu ni fupi. Majina ya mradi na ya jedwali yabadilishe yawe yako:

```sql
WITH kundi AS (
  SELECT user_pseudo_id,
         MIN(PARSE_DATE('%Y%m%d', event_date)) AS siku0
  FROM `mradi.analytics_123.events_*`
  WHERE event_name = 'first_open'
  GROUP BY user_pseudo_id
)
SELECT k.siku0,
       COUNT(DISTINCT k.user_pseudo_id) AS walioingia,
       COUNT(DISTINCT e.user_pseudo_id) AS siku7
FROM kundi k
LEFT JOIN `mradi.analytics_123.events_*` e
  ON e.user_pseudo_id = k.user_pseudo_id
 AND e.event_name = 'user_engagement'
 AND PARSE_DATE('%Y%m%d', e.event_date)
     = DATE_ADD(k.siku0, INTERVAL 7 DAY)
GROUP BY k.siku0
ORDER BY k.siku0
```

Mstari wenye `user_engagement` ndio unaostahili maelezo. Tukio hilo hurekodiwa pale programu inapokuwa mbele ya macho ya mtumiaji. Ukiliondoa na kuhesabu tukio lolote lile, utawahesabu pia watu waliopokea arifa tu, kwa sababu kwenye Android Firebase hurekodi `notification_receive` hata kama mwenye simu hakuigusa. Niliwahi kukabidhiwa ripoti iliyoonyesha kiwango cha siku ya 7 kikiwa kimeruka karibu maradufu katika wiki moja, na mwenye programu alikuwa tayari ameanza kuandaa bajeti ya kuongeza matangazo. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba wiki hiyo walianza kutuma arifa ya "Swali la leo" kila asubuhi saa 12. Simu zilikuwa zinaipokea, wanafunzi walikuwa hawaifungui, na hesabu ilikuwa inawasomea wote kama waliorudi.

Makundi ambayo bado hayajafikisha siku saba yaondoe kwenye ripoti. Hesabu hiyo itayaonyesha na sifuri mbele yake, na sifuri hiyo ikiingizwa kwenye wastani huushusha bila sababu.

Kiwango cha ununuzi kigawanywe kwa nini: waliosakinisha, au wanaotumia programu?

Kwa kupima kampeni, kigawanye kwa waliosakinisha wa kundi lile lile. Kampeni A ilipata wanunuzi 60 ndani ya siku 30, yaani asilimia 0.6 ya watu 10,000. Kampeni B ilipata wanunuzi 120, yaani asilimia 4.8 ya watu 2,500.

Kosa ninalolikuta kwenye majedwali ya watu wengi ni kuchukua wanunuzi wote wa mwezi na kuwagawa kwa waliosakinisha wote wa mwezi huo huo. Kwa macho hesabu hiyo inaonekana haina shida, ila watu wa juu na watu wa chini si wale wale: wanunuzi wa Oktoba wengine walisakinisha Agosti, na waliosakinisha Oktoba wengine watanunua Novemba. Mwezi ambao bajeti ya matangazo imepunguzwa, kiwango hicho hupanda chenyewe, kwa kuwa wanaosakinisha wamepungua huku wanunuzi wa zamani wakiendelea kununua. Mtu asiyejua hilo anaweza kudhani kwamba kupunguza matangazo kumeboresha biashara.

Kiwango cha ununuzi kati ya watu wanaotumia programu kila siku kina kazi yake, lakini kazi hiyo ni ya wale wanaotengeneza ukurasa wa bei na mfumo wa malipo. Hakikuambii lolote kuhusu tangazo.

Nitajuaje kampeni ipi ina faida?

Rudisha kila kitu kwenye mtu mmoja aliyesakinisha. Uliza mtu huyo aligharimu kiasi gani, kisha uliza amerudisha kiasi gani baada ya makato.

Makato yenyewe hayana budi kuingizwa. Chini ya utaratibu ambao Google Play iliuanzisha Julai 2021, msanidi aliyejiandikisha hukatwa asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya mapato ya kila mwaka. Kwa hiyo kifurushi cha Sh 10,000 humwachia mwenye programu Sh 8,500, tukiweka kodi kando. Wapo wanaolinganisha gharama ya matangazo na bei anayolipa mteja, na faida wanayoiona ni ile iliyokwisha kubaki Google Play.

Wanunuzi 60 wa Kampeni A walinunua vifurushi 66 ndani ya siku 30, kwa kuwa wengi wao waliishia kwenye somo moja. Hiyo ni Sh 561,000 mkononi. Wanunuzi 120 wa Kampeni B walinunua vifurushi 264, yaani Sh 2,244,000. Ukiishia hapo, kampeni zote mbili zina hasara, kwa kuwa kila moja imekula Sh 3,000,000, na mkurugenzi mwenye haraka angezifunga zote mbili.

Kufikia siku ya 90, kundi la Kampeni A lilikuwa limeongeza vifurushi 10 tu na kufikisha 76, sawa na Sh 646,000. Kundi la Kampeni B liliongeza vifurushi 130 na kufikisha 394, sawa na Sh 3,349,000. Sasa gawanya kwa waliosakinisha:

```
Kampeni A:   646,000 / 10,000 = Sh 65     (gharama Sh 300)
Kampeni B: 3,349,000 /  2,500 = Sh 1,340  (gharama Sh 1,200)
```

Mtu wa Sh 300 alirudisha Sh 65, na mtu wa Sh 1,200 alirudisha Sh 1,340. Mistari hiyo miwili inakuonyesha pia bei ya juu kabisa unayoweza kulipa bila kupata hasara: kwa watu wa aina ya Kampeni A, hata Sh 100 kwa kila usakinishaji ingekuwa ghali. Mazungumzo mengi ya kubembeleza mtandao wa matangazo ushushe bei kutoka Sh 300 hadi 250 hayana maana yoyote mbele ya namba hiyo.

Hapa ndipo kiwango cha kubaki kinapopata kazi. Siku ya 7 hukuwa unajua kitakachotokea siku ya 90, lakini tayari ulikuwa umeona asilimia 4 upande mmoja na asilimia 16 upande mwingine, na aliyeifuta programu leo hatanunua kifurushi cha Fizikia mwezi ujao. Kiwango cha mapema hukuwezesha kuisimamisha Kampeni A wiki ya pili, kabla haijamaliza milioni tatu zote.

Je, kiwango kikubwa cha kubaki ni dalili nzuri daima?

Hapana, na programu yetu ni ushahidi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mwanafunzi anayesakinisha wiki ya mwisho ya Oktoba anaweza kununua masomo manne kwa siku mbili, akasoma usiku na mchana, kisha akafuta programu siku anayoweka kalamu chini. Kwenye jedwali, siku ya 30 ya kundi lake itaonekana mbaya kuliko ya kundi la Mei, ilhali fedha zake zimekwisha kuingia. Kinyume chake, kundi la Februari linaweza kuwa na watu wengi wanaorudi kila wiki kufanya maswali ya bure na wasinunue kwa miezi mingi, kwa sababu mtihani bado uko mbali.

Kwa hiyo linganisha kundi la Oktoba na la Oktoba iliyopita, wala si na la Septemba. Hesabu ya kubaki kwa siku 30 iliyokopwa kutoka kwenye programu za michezo, ambako mtu anatarajiwa kucheza mwaka mzima, haikukusudiwa bidhaa yenye tarehe ya mwisho.

Nihitaji watu wangapi kabla ya kuamua?

Tazama idadi ya wanunuzi, usitazame idadi ya waliosakinisha. Kampeni B ilikuwa ikileta watu wapatao 80 kwa siku, na kwa kiwango cha asilimia 4.8 ungetarajia karibu wanunuzi 4 katika kundi la kila siku. Katika hali hiyo kundi lenye mnunuzi mmoja na kundi lenye wanunuzi saba ni mambo ya kawaida kabisa, hata kama hakuna kilichobadilika. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha Jumatatu ambapo watu wanne walijadili kwa dakika 40 sababu za kushuka kutoka wanunuzi 5 hadi 2. Sababu ilikuwa bahati.

Kanuni ya vidole inayonisaidia ni kutumia kipeuo cha pili: ukihesabu wanunuzi 25, kipeuo cha pili chake ni 5, na mara mbili ya 5 ni 10, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya 15 na 35. Ukihesabu 100, ukweli uko kati ya 80 na 120. Kwa wanunuzi 60 na 120 wa mfano wetu, nafasi ya kwamba tofauti hiyo ni bahati tupu ni ndogo sana. Kwa wanunuzi 6 na 12 nisingethubutu kufunga kampeni yoyote, ningeongeza wiki moja.

Nitatambuaje usakinishaji wa udanganyifu?

Swali hili linahusu zaidi mitandao midogo ya matangazo inayolipwa kwa kila usakinishaji, kwa kuwa penye malipo kwa kichwa, huwa anapatikana mtu wa kubuni vichwa. Njia mbili ndizo zinazofaa kuzifahamu.

Ya kwanza ni programu chafu iliyomo kwenye simu kunusa kwamba programu nyingine inasakinishwa, na kutuma mbofyo wa uongo sekunde chache kabla mtu hajaifungua, ili ionekane ndiyo iliyomleta. Mtu huyo ni wa kweli na pengine alikuja kwa kuambiwa na rafiki yake darasani, ila wewe unamlipia. Njia ya pili ni kutuma mibofyo ya uongo kwa mamilioni kwa niaba ya watu ambao hawajaona tangazo lolote, kwa matumaini kwamba baadhi yao watasakinisha programu yako wenyewe siku za usoni na sifa itaenda kwa mbofyo wa mwisho.

Zote mbili huonekana kwenye muda uliopita kati ya mbofyo na usakinishaji. Kwenye Android, huduma ya Google Play iitwayo Install Referrer hukupa nyakati mbili: `referrerClickTimestampSeconds`, wakati wa mbofyo, na `installBeginTimestampSeconds`, wakati ambapo upakuaji ulianza. Mtu wa kweli hubofya, husoma ukurasa wa programu kidogo, kisha hubonyeza kitufe cha kusakinisha, kwa hiyo mbofyo hutangulia upakuaji. Mtandao ukidai mbofyo wake ulifanyika baada ya upakuaji kuanza, hapo hakuna cha kujadiliana. Ikiwa unachoweza kuona ni muda kati ya mbofyo na kufunguliwa kwa programu pekee, jiulize kama programu ya megabaiti 40 inaweza kushuka, kujisakinisha na kufunguliwa ndani ya sekunde 8 kwenye simu ya kawaida ya mwanafunzi.

Njia ya pili, ile ya mafuriko ya mibofyo, ina sura ya kinyume. Kwa kampeni safi, watu wengi husakinisha ndani ya saa ya kwanza baada ya kubofya na idadi hupungua haraka baada ya hapo. Kwa mafuriko, idadi hukaribia kulingana saa baada ya saa, siku baada ya siku, kama mvua ya manyunyu isiyo na mwanzo wala mwisho. Wakati huo huo utaona wanaokuja bila tangazo wakipungua kwa idadi inayokaribiana na ile iliyoongezeka kwa mtandao huo.

Jambo linalowakanganya wengi ni kwamba udanganyifu wa aina hizi mbili hautoi kiwango kibaya cha kubaki. Watu walioibwa ni watu wako wazuri kuliko wote, waliokutafuta wenyewe. Mtandao mmoja uliwahi kutuletea, kwa bei ndogo, watu wenye kiwango cha ununuzi kizuri kuliko cha kampeni nyingine zote, na tulikuwa karibu kuhamishia nusu ya bajeti huko. Tuliuzima kwa siku 10 kwa kujaribu. Jumla ya waliosakinisha haikutikisika.

Kiwango cha ununuzi kimeshuka. Je, tatizo ni kampeni?

Kabla ya kuilaumu kampeni, hesabu watu katika hatua mbili: waliofungua ukurasa wa bei, na waliokamilisha malipo. Ikiwa waliofungua ukurasa wa bei wamepungua kwenye kampeni moja tu, kampeni hiyo inaleta watu wasiohitaji bidhaa. Ikiwa waliofungua ukurasa huo hawakupungua ila waliokamilisha wamepungua katika kampeni zote kwa pamoja, na hata kwa waliokuja bila tangazo, tatizo liko kwenye malipo, na hakuna tangazo litakaloliponya.

Kwa programu ya wanafunzi kuna jambo la ziada, nalo ni kwamba mtumiaji na mlipaji ni watu wawili. Simu mara nyingi ni ya mzazi, na anayebonyeza kitufe cha kununua huenda kuomba ruhusa kwanza. Kwa sababu hiyo tulikuta ununuzi mwingi ukifanyika jioni, siku mbili au tatu baada ya ukurasa wa bei kufunguliwa mara ya kwanza, na ripoti iliyofungwa baada ya saa 24 isingewaona watu hao kabisa.

Programu zinazouza vitu vya kushikika au huduma za nje ya simu, kama chakula au usafiri, hazitumii malipo ya Google Play, na wateja wake wengi Afrika Mashariki hulipa kwa fedha za simu. Firebase hurekodi yenyewe ununuzi uliopita Google Play kwa jina `in_app_purchase`, lakini haijui lolote kuhusu malipo ya M-Pesa. Tukio hilo ni lazima ulitume wewe, na lisitumwe pale mteja anapobonyeza "Lipa", kwa kuwa wengine hukosea namba ya siri na wengine huiacha simu hadi muda unakwisha. Litumwe baada ya seva yako kupokea uthibitisho wa muamala.

Vipi kuhusu iPhone?

Hesabu ni zile zile, ila utaziona kwa ukungu zaidi. Tangu toleo la iOS 14.5 la Aprili 2021, programu hairuhusiwi kumfuatilia mtu kati ya programu na tovuti za kampuni nyingine bila kumwomba ruhusa. Kwa asiyeruhusu, Apple hutuma taarifa za kampeni kwa njia yake iitwayo SKAdNetwork, bila kumtambulisha mtu, kwa kuchelewesha makusudi, na zikiwa zimekatwa pale ambapo kundi ni dogo mno. Katika toleo la nne, vipindi vya taarifa ni vitatu: siku ya 0 hadi ya 2, siku ya 3 hadi ya 7, na siku ya 8 hadi ya 35. Kwa hiyo hesabu ya mapato ya siku 90 kwa kila kampeni, kama niliyoifanya juu, haipatikani kwa watu hao. Unachoweza kufanya ni kuifanya hesabu hiyo kwa watumiaji wote wa iPhone kwa pamoja, kisha kuzima kampeni moja kwa wiki mbili na kuona jumla inavyosogea.

Mtu aliyefuta programu kisha akaisakinisha tena huhesabiwaje?

Firebase humhesabu kama mtu mpya, kwa kuwa `first_open` hurekodiwa upya kila baada ya kusakinisha upya na namba ya utambulisho hubadilika. Kwa programu za hapa kwetu jambo hili si dogo. Simu yenye nafasi finyu hufutwa programu kila picha zinapojaa, na mwanafunzi yule yule anaweza kuonekana mara tatu kwa mwaka: mara tatu akilipiwa tangazo, mara tatu akionekana kushindwa kubaki, na mara ya tatu akinunua kana kwamba ni siku yake ya kwanza. Kinga yake ni kuwa na akaunti inayofunguliwa kwa namba ya simu, na kuipeleka Firebase namba ya akaunti ya mtu huyo kupitia `setUserId`, wala si namba yake ya simu yenyewe. Kisha kila mwezi hesabu ni `first_open` ngapi zimetoka kwa akaunti iliyokwisha kuonekana kabla. Idadi hiyo iondoe kwenye waliosakinisha kabla ya kugawa, na utakuta kwamba gharama halisi ya mtu mpya ni kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiiripoti.